Kila Picha na Jua Lake: Kulinganisha Rangi za Picha za Akili Mnemba Zifanane na Chapa

Kazi ilikuwa kalenda ya ukutani. Karakana moja ya vikapu na mazulia ya mkonge hapa Tanga, upande wa Ngamiani, ilitaka picha 12, kila mwezi na yake. Fedha ya kumpeleka mpiga picha shambani, bandarini na sokoni haikuwepo, kwa hiyo mandhari nilizitengeneza kwa programu ya akili mnemba, na vikapu vyenyewe nikavipiga kwa simu. Nikazichapa zote kwenye karatasi za kawaida steshenari, nikampelekea mwenye karakana.

Alizitandaza mezani, akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "nzuri. Lakini hizi kila moja ina jua lake."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Picha ya Machi, shamba la mkonge jioni, ilikuwa ya njano kama imechovywa kwenye chai. Ya Juni, ngalawa alfajiri, ilikuwa ya buluu iliyopauka. Ya Septemba, ndani ya duka, ilikuwa na njano upande mmoja na buluu upande wa pili. Ukizitazama moja moja zinapendeza. Ukizipanga pamoja unadhani zimetoka kwa watu 12 tofauti, tena wasiofahamiana.

Karakana ina rangi zake mbili ilizozisajili kwenye nembo na vifungashio: kijani cha jani la mkonge, `#3F6B4F`, na rangi ya maziwa, ya singa za mkonge zilizokaushwa, `#EDE3CC`. Kalenda ilitakiwa ikae ukutani pamoja na vitu hivyo bila kugombana navyo.

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza ni kwa nini sikuandika tu namba hizo kwenye maelezo niliyoipa programu. Niliandika. Programu hizi zimejifunza kuoanisha maneno na picha. Hazichukui `#3F6B4F` zikaipaka kwenye pikseli kama fundi anayechovya brashi kwenye kopo. Neno "kijani" linazisukuma kuelekea kijani fulani, namba inasukuma kwa kubahatisha. Na hata kama ukuta ungepakwa rangi ile ile hasa, bado picha isingetoa namba ile. Rangi ya nembo ni rangi ya wino, haina hali ya hewa. Rangi inayoonekana ndani ya picha ni rangi ya kitu baada ya kupigwa na mwanga, na kila unapotengeneza picha mpya programu inaanza upya kutoka kwenye chenga za bahati nasibu na kubuni mwanga mwingine. Ndiyo maana kazi ya rangi inabaki kufanywa baadaye, kwa mkono.

Kosa langu la kwanza ndilo wanalolifanya wengi. Niliweka leya ya kijani cha nembo juu ya picha zote 12, nikaipunguza ubayana mpaka asilimia 20, nikahifadhi. Kwa sekunde mbili niliona zimefanana. Kisha nikaona kanzu ya kijani, meno ya kijani, na nyuso za watu zenye rangi ya mtu aliyetoka kuugua. Tena tofauti ya zamani ilikuwa pale pale: ile ya njano imekuwa njano-kijani, ile ya buluu imekuwa buluu-kijani. Ukiongeza kitu kile kile kwenye vitu viwili visivyolingana, vitabaki havilingani. Umevisogeza tu pamoja.

Hapo ndipo nilipogeuza njia, na ndiyo hoja ninayotaka kuifafanua hapa: picha za seti moja hufanana pale vitu ambavyo havina rangi, yaani vyeupe, vya kijivu na vyeusi, vinapokubaliana. Rangi ya nembo inakuja baada ya hapo, tena kidogo tu.

Ili kujua weupe umepotoka kiasi gani unahitaji kipimo. Namba za kawaida za skrini, nyekundu, kijani na buluu kuanzia 0 hadi 255, zinafaa kurekebishia lakini ni ngumu kuzisoma kwa jicho la akili. Mimi napimia kwa Lab, mfumo uliowekwa mwaka 1976 na tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga, CIE. Una namba tatu. L ni mwanga, kuanzia 0 nyeusi hadi 100 nyeupe. Namba ya a ikiwa hasi rangi inaelekea kijani, ikiwa chanya inaelekea wekundu wa zambarau. Namba ya b ikiwa hasi inaelekea buluu, ikiwa chanya inaelekea njano. Kijivu halisi kina a na b za 0. Kijani cha nembo yetu kwa kipimo hiki ni L 41, a -22, b 11. Maziwa ya singa ni L 90, a 0, b 12.

Kwenye GIMP, programu ninayohariria picha, chombo cha Color Picker kinakuonyesha namba hizi ukichagua CIE LAB kwenye dirisha lake dogo. Washa Sample average, upime eneo na si pikseli moja, maana picha hizi zina chenga ndogo ndogo na pikseli moja inaweza kukudanganya.

Tatizo ni nini cha kupima. Mpiga picha makini hubeba kadi ya kijivu akaipiga pamoja na mada yake, halafu akairudia mezani. Picha ya kubuniwa haina kadi, wala haina faili ghafi la kamera la kukumbuka mwanga ulivyokuwa. Inabidi utafute kitu ambacho akili ya mtazamaji inakijua kuwa cheupe au kijivu: kanzu, ukuta wa chokaa, povu la mawimbi, lami, majivu, kiroba cha chumvi. Nami sikiamini kitu kimoja. Kwenye picha ya Juni nilipima tanga la ngalawa (ndiyo, tanga kwenye kalenda ya Tanga), lakini tanga linaweza kuwa la turubai chakavu, limeshaingia rangi ya vumbi tangu programu ilipolibuni. Nikapima na povu, nikapima na ubavu wa boti iliyopakwa rangi nyeupe. Viwili vikikubaliana na kimoja kikikataa, kile kimoja ndicho chenye rangi yake mwenyewe; nakiacha.

Matokeo yalikuwa haya. Kanzu kwenye picha ya Machi ilisoma nyekundu 214, kijani 206, buluu 178. Kwa Lab hiyo ni b ya karibu 15. Ubavu wa boti kwenye picha ya Juni ulisoma 205, 214, 228, yaani b ya karibu -8. Vitu viwili ambavyo mtazamaji anavihesabu kuwa vyeupe vimepishana hatua 23. Jicho lililozoea, likiwekewa rangi mbili ubavuni kwa ubavu, huanza kuona tofauti kwenye hatua chache tu. Hatua 23 haihitaji jicho lililozoea.

Sasa weupe wa pamoja uwe upi? Ungedhani ni weupe halisi, b ya 0. Nilijaribu, na picha zikawa baridi kama tangazo la dawa ya meno, hazikukaa vizuri kwenye karatasi yenye mipaka ya rangi ya maziwa. Kwa hiyo nilichagua weupe unaoegemea chapa kidogo: 236, 232, 222, ambao ni L 92, a 0, b 5. Una ujoto wa singa bila kuwa singa. Uamuzi huu unafanywa mara moja tu na kuandikwa kwenye karatasi. Kila picha inapelekwa hapo, iwe imetokea upande wa njano au wa buluu.

Kwenye dirisha la Curves la GIMP unachagua mkondo mmoja mmoja, wa nyekundu, wa kijani au wa buluu. Kwa picha ya Machi, mkondo wa buluu niliuwekea nukta moja: kinachoingia 178 kitoke 222. Wa kijani, 206 itoke 232. Wa nyekundu, 214 itoke 236. Kama programu yako inaonyesha asilimia badala ya 0 hadi 255, gawa tu: 178 ni kama asilimia 70, 222 ni kama 87. Ona kwamba buluu imepanda 44 na nyekundu 22 pekee. Huko ndiko njano inakoondokea. Ncha ya chini ya mstari inabaki kwenye 0, kwa hiyo vivuli vinasogea kidogo kuliko sehemu za mwanga, na picha haionekani kama imemwagiwa kitu.

Baada ya hapo napima kitu cha kijivu cha katikati, mathalani njia ya lami. Kikiwa bado kina njano wakati kanzu imeshatulia, naongeza nukta ya pili katikati ya mstari wa buluu. Mara nyingi hatua 4 au 5 zinatosha. Nukta zaidi ya tatu kwenye mstari mmoja ni dalili kwamba picha ina taa mbili, na huko mistari haiendi.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya picha ya Septemba. Kanzu ya muuzaji upande wa dirisha ilikuwa na b ya -10, kanzu ile ile upande wa pili ilikuwa na b ya 19. Vyumba halisi huwa hivyo pia, mchana ukiwasha taa ya njano, lakini mle dukani hata taa yenyewe haikuwepo. Programu ilibuni mwanga wa njano bila chanzo, yamkini kwa kuwa picha nyingi za madukani ilizosomeshwa zina mwanga wa aina hiyo. Marekebisho ya picha nzima hayawezi kutibu hali hii. Ukiondoa njano upande wa kulia, unazidisha buluu upande wa kushoto. Njia pekee ni maski: leya mbili zenye mistari tofauti, kila moja imezibwa isiguse upande wa mwenzake, na mpaka kati yao uwe mpana na laini. Nilikaa nayo saa nzima. Nitairudia mbele.

Weusi nao unahitaji kukubaliana, ingawa watu huusahau. Kivuli kizito zaidi cha picha ya Machi kilisoma 6 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, karibu na giza tupu. Cha Juni kilisoma 38, kwa sababu ya ukungu wa alfajiri. Ukiziweka pamoja, ya Juni inaonekana imefifia hata kama weupe umeshalingana. Nilizileta zote zianzie karibu na 18: ya Machi niliinua ncha ya chini ya mstari, ya Juni niliishusha. Ukungu haukupotea, ulipungua tu ubishi. Kile ambacho watu wanakiita mwonekano wa chapa fulani kiko zaidi hapa, kwenye weusi ambao si mweusi kabisa, kuliko kwenye rangi yoyote.

Hadi hapo sijagusa kijani. Na picha 9 kati ya 12 zilikuwa tayari zinaonekana ndugu.

Kijani chenyewe kina mtego. Unafungua Hue-Saturation, unachagua G kwa sababu majani ni ya kijani, unavuta, na majani hayabadiliki kitu. Sababu ni kwamba majani mengi kwenye picha hayako kwenye kijani hasa. Kwenye duara la rangi, ambako njano iko nyuzi 60 na kijani nyuzi 120, majani yangu ya mkonge yalikuwa karibu na nyuzi 82. Hayo ni ya familia ya njano. Chagua Y, uongeze Overlap kidogo ili mpaka usikate kwa ghafla, ndipo majani yatakapokutii.

Kijani cha nembo kiko nyuzi 142. Kishawishi ni kuyasogeza majani yote nyuzi 60 ili yalingane. Usifanye. Majani yakifika huko yanakuwa ya plastiki, maana shamba halisi lina kijani cha kila namna kutegemea jani limepigwa jua au limejificha. Niliyasogeza kutoka 82 hadi karibu 100, nikayapunguza ukali kwa robo hivi. Kupunguza ukali ndiko kulikofanya kazi kubwa zaidi. Mtu wa Tanga anajua kwamba jani la mkonge lina ukijivu, kama limepakwa vumbi la nta. Programu ilikuwa inanipa majani yanayong'aa kama nanasi la dukani. Kuyafifisha kuliyasogeza karibu na nembo na karibu na ukweli kwa wakati mmoja, bahati ambayo haitokei kwa kila mteja.

Anayejua kidogo mambo ya programu ataniuliza: si kuna njia ya kulinganisha picha kwa hesabu, kubofya mara moja? Ipo. Inayonukuliwa zaidi ilichapishwa mwaka 2001 na Erik Reinhard na wenzake. Unachukua picha moja kuwa mama, unatafuta wastani wa rangi zake na jinsi rangi hizo zinavyotawanyika kuzunguka wastani, halafu unaisukuma picha ya pili mpaka wastani wake na mtawanyiko wake ufanane na wa mama. Ni hesabu fupi, na programu nyingi zina kitufe kinachofanya kitu cha jamaa hiyo.

Niliifanyia majaribio, mama ikiwa picha ya Machi iliyokwisha kurekebishwa, mtoto ikiwa ya Juni. Bahari iligeuka rangi ya maji ya mafuriko, na uso wa mvuvi ukawa wa chungwa la Muheza. Hesabu haikukosea. Wastani wa picha ya shamba una kijani na njano kwa sababu kuna majani na udongo, na wastani wa picha ya bahari una buluu kwa sababu kuna bahari. Njia hii haiwezi kutofautisha buluu iliyoletwa na mwanga na buluu iliyoletwa na kitu chenyewe. Inaona wastani, inausawazisha. Inafaa pale picha zinapokuwa na vitu vile vile kwa kiasi kile kile, kwa mfano picha 6 za kikapu kimoja juu ya meza moja. Kwenye kalenda yenye bahari, shamba na soko, inaharibu. Kupima kanzu kunashinda kwa sababu kanzu ni kitu kile kile popote kilipo.

Neno juu ya ngozi, kwa kuwa huko ndiko mtazamaji anakogundua kosa kwanza, hata asiyejua aseme ni kosa gani. Ngozi ya mtu, iwe nyeusi sana au nyeupe sana, huwa na a na b zote chanya, na kwa kawaida b inazidi a kidogo. Kinachotofautiana sana kati ya mtu na mtu ni L. Hiyo inakupa kipimo rahisi baada ya kila badiliko. Pima shavu sehemu isiyong'aa. Ikiwa b imeshuka chini ya a, mtu anaanza kuwa wa waridi. Ikiwa a inakaribia 0, anaanza kuwa wa kijani. Usiinue L ya uso ili ulingane na uso wa picha nyingine. Hilo si kulinganisha rangi, ni kumbadilisha mtu. Na ukigusa njano ya majani, angalia nyuso mara moja, kwa sababu ngozi na mkeka na mchanga viko jirani na njano kwenye duara. Picha yangu ya Machi ililazimu nimzibe mkata mkonge kwa maski kabla ya kuvuta Y.

Picha zikishakuwa sawa moja moja, ndipo unapoweza kuzipaka ladha moja ya pamoja: vivuli vielekee kijani cha nembo kwa hatua 2 au 3, mwanga uelekee maziwa. Hili halifanywi mara 12 kwa mkono. Njia nyepesi ni kutumia picha ya kumbukumbu ambayo ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi, inaiita hald. Unaitengeneza hivi:

```
magick hald:8 hald.png
```

Unapata mraba wa pikseli 512 kwa 512 wenye rangi 262,144, zilizopangwa kwa mpangilio maalumu. Uufungue kwenye GIMP, uufanyie marekebisho yale ya ladha kwa Curves na Color Balance, uuhifadhi kama `hald-chapa.png`. Sasa mraba huo unakumbuka kila rangi ilipelekwa wapi, na unaweza kuuamuru upeleke picha zote vivyo hivyo:

```
mkdir -p mwisho
for p in tayari/*.png; do
  magick "$p" hald-chapa.png -hald-clut "mwisho/$(basename "$p")"
done
```

Masharti ni mawili. Usiubadili ukubwa wala kuuhifadhi kama JPEG, kwa sababu mgandamizo unachafua rangi za mraba na uchafu huo utaingia kwenye kila picha. Pia usiutumie kwa jambo lolote linalotegemea mahali, kama maski au ukungu wa pembeni. Mraba unajua rangi, haujui kushoto na kulia. Na ukiupitisha kwenye picha ambazo hazijasawazishwa weupe, utarudi kwenye lile kosa langu la leya ya kijani, ila kwa haraka zaidi.

Kuna kikomo kimoja ambacho hakiondoki kwa ujanja. Programu nyingi hutoa picha za biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila mkondo. Ukizivuta sana, ngazi zinaachana, na anga laini la alfajiri linaonyesha mistari kama ngazi za mnazi. Kwenye picha ya Juni niliiona mistari hiyo juu ya upeo wa bahari. Badili picha kwenda biti 16 kabla ya kugusa chochote (kwenye GIMP ni ndani ya menyu ya Image). Hii haileti ngazi zilizokosekana, lakini inazuia kila hatua yako isipoteze nyingine. Mistari ikibaki, nyunyiza chenga kidogo sana kwenye anga. Kumbuka pia kwamba JPEG hupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga, kwa hiyo kazi yote ifanyike kwenye PNG, na JPEG iwe ya mwisho kabisa.

Ukaguzi naufanya kwa picha ndogo zikiwa pamoja, kamwe si moja moja zikijaza skrini:

```
magick montage mwisho/*.png -tile 4x -geometry 300x300+6+6 ukaguzi.png
```

Naifungua kwenye simu ya bei ya chini, hali ya usiku ikiwa imezimwa, naiweka mbali, nakunja macho kidogo. Inayoruka nje ya kundi hujitaja yenyewe. Mara hii iliruka ya Septemba. Ile saa nzima ya maski ilikuwa imetoa duka ambalo kila kitu ni cheupe ipasavyo na hakuna kinachoonekana kimekaa chumba kimoja. Niliitupa. Nikatengeneza nyingine, nikieleza mwanga mmoja tu, mlango wazi mchana wa mawingu, na kwenye jaribio la tatu nikapata duka lenye b ya 9 kote. Dakika tano zilitosha kuipeleka kwenye 5. Siku hizi nikikuta kitu cheupe kimepishana zaidi ya hatua 15 ndani ya picha moja, sianzi hata kurekebisha.

Vikapu halisi sikuvigusa kwa mraba ule. Mandhari yalifuata kikapu, kikapu hakikufuata mandhari. Mteja anayeona kikapu cha kijani kilichotulia kwenye kalenda, akaagiza, akaletewa chenye kijani kingine, hatajali weupe wangu una b ngapi. Nilivipiga picha vikapu chini ya kivuli cha baraza pamoja na karatasi nyeupe, nikasawazisha karatasi, nikavikata kutoka kwenye picha zake, nikaviweka juu ya mandhari yaliyokwisha kulinganishwa. Kijani cha karakana ni kilichotulia, hivyo hata wino wa kiwanda cha uchapaji uliweza kukifikia. Kingekuwa kijani kikali cha skrini, ingekuwa habari nyingine.

Nilirudi Ngamiani na karatasi mpya. Mama mwenye karakana alizitandaza kama mwanzo, akachukua kikapu kutoka kwenye rafu, akakipitisha juu ya kila mwezi, mmoja baada ya mwingine. Alipofika Agosti akasimama.

"Huu bado una jua lake," akasema.

Nilipofika nyumbani niliupima ukuta wa chokaa wa Agosti. b ilikuwa 8.